Alama za kuchuja misemo ya leso: zinatusaidia wapi, zinatupoteza wapi

"Chama chetu hapa Kondele kinatimiza miaka 10 na tunachapisha leso za aina tatu. Tuna misemo 60 iliyotungwa na kompyuta. Wengine wanataka tuipe alama kwa upya, sauti na kufaa, wengine wanasema msemo haupimwi kwa hesabu. Tufuate nani?"

Dada, pande zote mbili zina hoja, ila zinagombania hatua mbili tofauti za kazi moja.

Wanaotaka alama wanajua mikutano ya vyama ilivyo. Misemo ikisomwa kwa sauti mbele ya watu 20, aliyezoea kusema ndiye husikika, na msemo anaoupenda mweka hazina hupita kabla wa nyuma hawajafungua mdomo. Karatasi humpa kila mmoja nafasi sawa. Tena misemo 60 ni mingi mno kwa sikio. Ukifika wa 30, yote imeanza kufanana.

Na kweli inafanana. Kabla ya alama yoyote, kata karatasi vipande, msemo mmoja kila kipande, mviweke mafungu mezani kwa wazo. Orodha ya kompyuta huwa na mawazo machache yaliyovishwa nguo nyingi. "Senti kwa senti hujenga nyumba", "Tone kwa tone hujaza mtungi" na "Punje kwa punje hujaza ghala" ni fungu moja, na mama yao ni "Haba na haba hujaza kibaba". Bakizeni mmoja au miwili kwa kila fungu. Kazi hiyo peke yake inaweza kuwaondolea nusu ya orodha, na hakuna aliyeandika namba bado.

Kwenye alama zenyewe, waamuzi watatu wanatosha, kila mmoja peke yake, kuanzia 1 hadi 5. Kubalianeni kwanza namba zinamaanisha nini. Upya wa 1 ni methali tunayoijua ikiwa imebadilishwa neno. Upya wa 5 ni msemo ambao sijawahi kuusikia na nimeuelewa bila kuelezwa. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo muhimu, kwa sababu kompyuta hutoa maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyasema kwa vile hayana maana. Ugeni wa namna hiyo usipewe alama.

Sauti ina mambo mawili: namna msemo unavyotamkika, na hisia anayobaki nayo anayeusoma mgongoni mwako. La kwanza linahesabika kwa mizani. "Haba na haba" ni mizani 5, "hujaza kibaba" ni 6, vipande viwili vinavyokaribiana. Sasa tuseme orodha yenu ina "Safari ya mafanikio huanza na hatua ya umoja". Ulimi hauna pa kupumzika, na hakuna kitu cha kuona kwa macho. Hiyo ni lugha ya bango la semina. Weka kando yake "Nimefika kwa wenzangu, peke yangu nilichoka". Ni mizani 8 kwa 8, na mtu akiisoma anamwona mama aliyetua mzigo.

Hisia ndiyo ngumu, kwa kuwa leso imezoea vijembe. Chukua "Deni la rafiki hulipwa kwa uso". Mwamuzi mmoja akaupa 5, wa pili 1, wa tatu 3, wastani 3. "Umoja wetu ndio nguvu yetu" ukapata 3, 3, 3, wastani uleule. Karatasi inasema misemo hii ni sawa, na si sawa hata kidogo. Wa kwanza umemgusa mtu, labda mwanachama ambaye bado hajamaliza mkopo. Wa pili haumgusi yeyote. Hapa wanaopinga hesabu wamesema kweli: wastani hupenda msemo ambao hakuna anayeuchukia. Kwa hiyo popote alama za waamuzi zinapoachana kwa 3 au zaidi, wekeni kipande hicho pembeni mkizungumzie. Kwa leso ya sherehe mimi ningeutoa huo wa deni, lakini ningeutoa baada ya kusikia kwa nini mmoja aliupa 5.

Kosa kubwa zaidi huwa kwenye kujumlisha. Orodha inaweza kuwa na "Omena ni wengi, sufuria ni moja". Ni mpya, ni ya hapa kwetu ziwani, inachekesha. Upya 5, sauti 5. Halafu uliza: hao omena sufuriani wanafanya nini? Wanapikwa, na kuna mtu atawala. Chama kinachoweka pesa za watu hakitaki msomaji afike hapo, na atafika. Kufaa 2. Jumla 12. Msemo "Kilichochangwa na wengi hakina wa kujivuna" umepata 4, 4, 4, jumla 12 vilevile. Jumla imeficha tundu la omena. Mkizidisha badala ya kujumlisha, omena wanapata 50 na mwenzake 64, na tundu linaonekana. Njia rahisi zaidi, ambayo ndiyo ningeifuata, ni kufanya kufaa kuwa mlango: chini ya 3 haingii, hata ungekuwa mzuri namna gani. Mlangoni hapo pia pitisheni urefu, maana jina la leso ni mstari mmoja na likirefuka herufi zinakonda. Pitisheni na maneno ya pwani kama "hasidi", ambayo mwanachama aliyekua Kakamega au Siaya huenda asiyatumie kamwe.

Jambo moja la uchovu. Mwamuzi wa mwanzo si mwamuzi wa mwisho. Watu huanza wakiwa wakali, kisha hulegea, au kinyume chake. Mpeni kila mmoja vipande kwa mpangilio wake, na akimaliza arudie kumi vya kwanza bila kuangalia alama alizoandika. Zikitofautiana sana, apumzike arudie vyote kesho.

Baada ya hapo mtabaki na kama 10 au 12, na hapa nawaachia uwanja wanaopinga hesabu. Msichukue mitatu yenye alama za juu. "Nyavu za pamoja hazitoki tupu" na "Mwenzako akivuta, nawe shika kamba" zote zinaweza kuwa juu kabisa, lakini ni picha moja ya uvuvi mara mbili, na anayenunua doti ya pili atajiuliza anaongeza nini. Mitatu huchaguliwa kama kundi. Kwa misemo niliyoitaja ningechukua ule wa kuchoka peke yangu kwa sababu una moyo, ule wa nyavu kwa sababu una ziwa, na ule wa kilichochangwa kwa sababu unasema neno gumu kwa upole.

Sauti kubwa mkutanoni inaweza kurudi hapa, hilo silikatai. Kwa hiyo someni vile 12 kwa sauti, kila mmoja aandike mitatu yake kwenye karatasi kabla mjadala haujaanza. Kisha mmoja wenu aende Kibuye kwa mama asiyewajua, amsomee hiyo mitatu mara moja, anunue nyanya zake, na kabla ya kuondoka amwombe airudie. Ule alioubadilisha maneno, sikilizeni alivyoubadilisha. Huenda ndivyo ulivyopaswa kuandikwa.