Kibao cha "Hakuna Komisheni" na Riyali za Shangazi

Shangazi yangu alikuwa anajiandaa kwenda Umra. Mwanawe ni baharia, na alikuwa amemletea dola 1,000 taslimu: noti sita za mia mia na noti ishirini za dola ishirini ishirini, zimefungwa na mpira ndani ya bahasha ya kaki. Akaniita nyumbani kwake Mji wa Kale, Mombasa, nikamwamkia, na hata kahawa haijapoa akaniuliza, "Mwanangu, leo dola ni ngapi?"

Swali hilo ndilo linalotuponza wengi. Dola haina bei moja, ina bei mbili, na kati ya hizo mbili kuna pengo ambalo ndilo ujira wa anayekubadilishia. Ukiuliza bei moja utajibiwa moja, na mara nyingi utatajiwa ile inayopendeza.

Tulianza na benki yake, maana shangazi ana imani kwamba pesa ni mambo ya benki. Tukapanga foleni Barabara ya Nkrumah, na keshia akatuonyesha bei zake za noti za siku hiyo: wananunua dola kwa 125.80, wanauza kwa 132.50. Tukatoka tukashika njia ya Moi Avenue, hadi duka la foreksi lenye kibao kikubwa dirishani: Hakuna Komisheni. Hapo dola ilikuwa inanunuliwa kwa 128.20 na kuuzwa kwa 129.80.

Kabla ya hesabu, kumbuka kwamba kwenye ubao wa foreksi "kununua" na "kuuza" ni maneno ya mwenye duka, si yako. Yeye ndiye anayenunua dola zako, kwa hiyo ukija na dola soma safu ya kununua, ambayo daima ndiyo ndogo. Nimeona watu wazima wakibishana na keshia kwa sababu walisoma safu isiyo yao.

Sasa pengo. Toa bei ya kununua kwenye bei ya kuuza, kisha gawa kwa bei ya katikati ya hizo mbili. Pale foreksi ni shilingi 1.60 juu ya 129, yaani asilimia 1.2 hivi. Pale benki ni shilingi 6.70 juu ya 129.15, zaidi ya asilimia 5. Wewe unayebadilisha upande mmoja tu unalipa takriban nusu ya hilo pengo. Kwa hiyo foreksi ya "hakuna komisheni" ilikuwa inamtoza shangazi chini ya shilingi moja kwa kila dola, na benki zaidi ya shilingi tatu. Kibao hakidanganyi. Komisheni haipo kwa sababu imeshaingizwa ndani ya bei.

Benki haikosi sababu ya kuwa ghali. Biashara yake ya fedha za kigeni iko kwenye akaunti: dola zinazoingia kutoka ng'ambo, waagizaji wa mizigo bandarini, malipo ya kampuni kwa kampuni. Noti za karatasi kwake ni mzigo. Lazima zikaguliwe, zihifadhiwe, zisafirishwe, ziwekewe bima, na huku hakuna anayezihitaji siku hiyo. Foreksi noti ndiyo bidhaa yake. Asubuhi inazinunua kwa mtalii au baharia, alasiri inamuuzia mfanyabiashara anayekwenda Dubai. Noti isiyolala dukani haidai pengo kubwa. Ndiyo maana benki hiyo hiyo ukiipelekea dola zilizomo kwenye akaunti inaweza kukupa bei nzuri kuliko bei yake ya noti, na kiasi kikiwa kikubwa unaweza kuomba uongezewe. Watu hulinganisha bei ya noti ya foreksi na bei ya akaunti ya benki, kisha wakahitimisha mmoja wao ni mwizi. Hizo ni bidhaa mbili.

Pengo pia ni kinga ya mwenye duka. Mwezi Januari 2024 dola ilivuka shilingi 160. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa kuuza bondi mpya ili kuanza kulipa ile ya 2014 iliyokuwa inaiva Juni, hofu kwamba ingeshindwa kulipa ikashuka, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa inakaribia 130. Hebu jiweke mahali pa mwenye foreksi aliyejaza sanduku kwa noti alizonunua kwa 158. Siku kama hizo mtu hushusha bei ya kununua upesi sana na bei ya kuuza polepole, na pengo likapanuka kama mlango wa godauni. Ukiona pengo la dola limefika shilingi nne tano mahali ambapo huwa ni moja na nusu, soko lina wasiwasi. Kama huna haraka, subiri siku chache.

Basi tukaamua foreksi. Shangazi akatoa bahasha dirishani, na hapo ndipo tulipogutuka. Ile 128.20 ilikuwa ya noti za hamsini na mia. Noti za ishirini zilikuwa 125.50, na bei hiyo haikuwa ubaoni, ilikuwa kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa ndani ya kioo. Noti ndogo huchukua nafasi ileile na muda uleule wa kuhesabu kwa thamani ya chini, na wateja wanaonunua dola wanataka mia mia. Noti chakavu, zenye muhuri au maandishi ya kalamu, na zile za zamani zenye picha ndogo ya kichwa hukatwa zaidi au hukataliwa kabisa, ingawa kule Marekani bado ni pesa halali. Kwa hiyo taja noti zako kwanza, kisha uliza bei.

Nikapiga hesabu kwenye simu. Dola 600 kwa 128.20 ni shilingi 76,920. Dola 400 kwa 125.50 ni 50,200. Jumla 127,120. Kwa noti za ishirini benki ilikuwa na nafuu ya senti thelathini, yaani shilingi 120 kwa zote, nauli ya tuktuk na kupanga foleni upya. Tukaachana na wazo hilo.

Lakini shangazi hakuwa anataka shilingi. Alitaka riyali. Na huko ndiko pesa zilikokuwa zinavuja kweli.

Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola tangu 1986: dola moja kwa riyali 3.75. Kwa hiyo huna haja ya kumuuliza mtu thamani yake. Chukua bei ya katikati ya dola, gawa kwa 3.75. Siku ile 129 kwa 3.75 ni shilingi 34.40. Dirhamu ya Imarati nayo imefungwa, 3.6725 kwa dola, kwa hiyo wanaokwenda Dubai wanaweza kupima vivyo hivyo. Bei ya katikati ya dola utaipata kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Kenya kila siku ya kazi. Hiyo ni bei ya kuelekeza tu, hakuna duka linalolazimika kukupa, lakini ni rula.

Ubao ulisema riyali inanunuliwa kwa 33.20 na kuuzwa kwa 35.20. Pengo la shilingi mbili linaonekana dogo mpaka ukumbuke ni juu ya 34, si juu ya 129. Ni karibu asilimia 6. Duka lilelile, siku ileile, dola asilimia 1.2 na riyali asilimia 6! Riyali huenda kwa misimu. Zinatakiwa karibu na Ramadhani na Hija, kisha zinakaa, na anayezitunza anataka alipwe kwa kuzitunza.

Tazama safari ya zile dola 1,000. Kwa kipimo cha Saudia ni riyali 3,750. Akiziuza kwa shilingi, kisha anunue riyali dirisha hilohilo, shilingi 127,120 kwa 35.20 zinampa riyali 3,611. Zimepotea riyali 139, karibu shilingi 4,800. Kule benki, ambako riyali zilikuwa zinauzwa 36.40, angepata 3,456 na kupoteza zaidi ya shilingi 10,000. Amelipa mapengo mawili: la kuuza dola na la kununua riyali. Shilingi haikuwa na kazi yoyote katikati, ilikuwa daraja la kulipia ushuru huku na huku.

Unaweza kumwomba keshia bei ya moja kwa moja, dola kwa riyali, bila kupitia shilingi. Kwa noti za mia alitupigia 3.68, yaani riyali 2,208 kwa dola 600, badala ya 2,185 kwa njia ya shilingi. Ni nafuu, si kubwa. Njia iliyobaki ni kutobadilisha. Kule Saudia dola na riyali zimefungwa kamba moja, mbadilishaji haogopi bei kumgeukia kesho, kwa hiyo hana sababu ya kuweka pengo pana. Hata kama shangazi angepewa 3.70 tu kwa kila dola, ni riyali 3,700 kwa zile dola 1,000.

Hakupenda. "Niende nchi ya watu na dola, nianze kutafuta foreksi na miguu hii?" Sikumbishia, kwa sababu utulivu nao una bei na mwenye kuulipia ni yeye. Tukakata shauri katikati: abadilishe noti mbili za mia kwa matumizi ya nyumbani kabla ya safari, anunue riyali mia moja za teksi na maji siku ya kufika, zilizobaki zisafiri kama zilivyo. Riyali mia kwa 35.20 ni shilingi 3,520, na hasara yake ni shilingi 80. Hiyo inalipika.

Akarudi dirishani mwenyewe, kitambulisho mkononi. Akazisukuma noti mbili chini ya kioo lakini kidole akakiacha juu yake, akamwambia yule kijana, "Mwanangu, mwazinunua 128.20, hilo nimeliona. Na mwaziuza ngapi?"

Kijana akatabasamu. "129.80, mama."

"Basi mimi nipe 128.50, na wewe ubakiwe na yako."

Akapewa. Akahesabu shilingi 25,700 pale pale dirishani, akaisoma risiti mstari kwa mstari, bei na kiasi, ndipo akafunga mkoba. Sitini zilizozidi alininunulia dafu.