Bei ya laptopu hushuka kwa ngazi

Kila mwaka ukiingia mwezi wa saba, meza ya steshenari yangu hapa Nyegezi hujaa laptopu za watu. Wanachuo wanaomaliza kule Malimbe wanafunga mabegi kurudi Geita, Bukoba au Tarime, na kabla ya kupanda basi wanataka kuuza kitu. Wananiachia, ninawatafutia mteja, ninabaki na kamisheni yangu. Kazi hii imenifanya niamini jambo moja ambalo nalisema kwa yeyote anayesimama mbele ya meza hiyo: bei ya laptopu haipungui kidogo kidogo. Inakaa palepale kwa miezi mingi, halafu inadondoka ndani ya wiki chache. Ni ngazi. Na wengi hapa Mwanza wanaleta mashine zao sokoni wakiwa wameshadondoka nazo.

Nitaeleza kwa laptopu tatu nilizopokea Julai 2025. Wenye nazo walikuwa marafiki wa darasa moja, na wote walinunua Oktoba 2022 walipoingia mwaka wa kwanza.

Binti mmoja alinunuliwa mpya na baba yake, ndani ya boksi, kwa 900,000. Ilikuwa nyembamba, nzuri kwa macho, yenye prosesa ya Celeron N4020, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Kijana wa pili alinunua mtumba aina ya EliteBook 840 G5 kwa 650,000. Wa tatu naye alichukua mtumba, EliteBook 840 G3, kwa 480,000. Hizi mbili za mwisho kwa asiyezijua ni ndugu wa tumbo moja, tofauti yao ni namba iliyoandikwa mwishoni mwa jina.

Ile mpya niliiuza Agosti kwa 190,000, na nilihangaika nayo. Kosa halikuwa la binti, maana aliitunza vizuri. Tatizo ni kwamba kwa mashine nyingi za daraja lile RAM na hifadhi vimechomelewa kwenye mazabodi, hivyo mnunuzi hawezi kuongeza chochote. Windows yenyewe inakula sehemu kubwa ya zile GB 64, na kila sasisho likija nafasi inagoma. Mashine ya namna hiyo inaanguka ngazi ya kwanza siku boksi linapofunguliwa, kwa sababu kuanzia siku hiyo inashindana na mtumba wa maofisini wenye nguvu kuliko yenyewe kwa bei ileile. Piga hesabu: imepoteza 710,000 kwa miezi 34. Ni kama 21,000 kila mwezi, kwa laptopu iliyokuwa nzito kufanya kazi tangu siku ya kwanza.

Hiyo ndiyo hesabu ninayotaka kila mtu aizoee. Chukua bei uliyonunulia, toa uliyouzia, ongeza ulichotumia kwa fundi, gawanya kwa miezi uliyoitumia. Bei ya kununua peke yake haikuambii laptopu imekugharimu kiasi gani.

Sasa tuje kwenye mtumba, kwa sababu hapa ndipo pana mengi. EliteBook, Latitude na ThinkPad tunazoziona Makoroboi na kwenye maduka ya mjini ni mashine zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya na Uarabuni. Makampuni huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huzitoa kwa mkupuo. Zinapita Dubai, zinashukia Dar es Salaam, zinasambaa Kariakoo, na sisi tunazipata kwa basi. Mwenye kwanza ameshabeba anguko kubwa. Wewe unaikuta katikati ya ngazi, mahali bei inapotulia. Kinachoiteremsha tena ni mambo mawili: mkupuo mpya wa mashine za jenerasheni ya juu zaidi kuingia sokoni, na programu mpya kuikataa ile ya zamani.

Hilo la pili ndilo lililowatenganisha wale vijana wawili. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, inazikubali rasmi prosesa za jenerasheni ya nane na kuendelea, ukiacha chache sana za jenerasheni ya saba, na inataka pia kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. EliteBook 840 G5 ya yule kijana ina jenerasheni ya nane. G3 ni ya sita. Kwa hiyo kati ya zile ndugu mbili ulipita ukuta, na tarehe ya ukuta ilijulikana miaka kadhaa kabla.

Kijana wa G3 nilimwambia Julai ileile, "Mdogo wangu, hii iuze sasa hivi, usiirudishe nyumbani." Palikuwa na mteja wa 290,000 amekaa pale nje. Akakataa. Akanijibu, "Kaka, nasubiri bumu." Na kwa mashine nyingine angekuwa sahihi kabisa. Vyuo hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba na Novemba, wa mwaka wa kwanza wanaingia, fedha za Bodi ya Mikopo zinatoka, wazazi nao wanatuma. Hizo ni wiki ambazo mteja anakuja na hela mkononi na haraka ya kuanza masomo. Julai na Agosti ni kinyume: wanaouza wamejaa, wanaonunua wamesafiri.

Lakini bumu la Novemba 2025 lilikuja baada ya ukuta. Kila mteja aliyeshika ile G3 aliuliza kwanza, "Inaingia Windows 11?" Nikawajibu ukweli. Wengine waliondoka bila kuuliza bei. Tuliiuza Desemba kwa 190,000. Kusubiri msimu kulimgharimu 100,000, na msimu ulikuwa mzuri kweli, maana G5 ya rafiki yake iliondoka Novemba ndani ya siku nne kwa 430,000. Ukijumlisha 70,000 za betri aliyobadilisha mwaka wa pili, G5 ilimla kama 7,800 kwa mwezi. Ilinganishe na ile 21,000.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kuuza ina mpangilio. Kwanza angalia ukuta ulio mbele. Ukiwa karibu, uza hata kama ni Julai. Kama hauko karibu, subiri Oktoba na Novemba.

Kujua uko upande gani hakuhitaji fundi. Andika `msinfo32` kwenye sehemu ya kutafutia, usome mstari wa Processor. Ukikuta i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, hiyo ni jenerasheni ya sita. Ukikuta i5-8350U, ni ya nane. Namba ikianza na 1, kama i5-10310U, tarakimu mbili za mwanzo ndizo jenerasheni, yaani ya kumi. Mwenye ya sita au ya saba ambaye bado hajauza ajue kwamba muda wa nyongeza wa masasisho ya usalama uliotolewa kwa watumiaji wa kawaida wa Windows 10 uliwekewa mwisho wa 13 Oktoba 2026. Hiyo ni ngazi nyingine, na safari hii tena imetangulia msimu wa vyuo.

Wapo mafundi wanaolazimisha Windows 11 kwenye mashine za zamani. Inaingia na inafanya kazi, ila Microsoft hawaahidi kwamba itaendelea kupata masasisho. Kuiuza hivyo bila kumwambia mnunuzi ni kumwibia, na mimi laptopu ya namna hiyo siipokei.

Za Apple nazo zina ukuta wao, tena mkali zaidi kwa sababu hauonekani kwa nje. Mwaka 2020 zilitoka MacBook Air mbili zinazofanana umbo: ya mwanzo wa mwaka ina prosesa ya Intel, ya Novemba ina M1. Ya M1 ndiyo laptopu inayoshika bei kuliko zote ninazopokea. Ile ya Intel haikupokelewa na macOS Tahoe iliyotoka 2025, na Apple walishatangaza kwamba Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Intel yoyote. Mawinga wanajua wateja wengi hawazitofautishi, wanauza ya Intel kwa bei inayokaribia ya M1. Fungua About This Mac. Ikisema Chip na kufuatiwa na Apple M1, ni yenyewe. Ikisema Processor, ni Intel. Mwenye ya Intel aiuze mapema, na aiite kwa jina lake.

Laptopu za magemu sizipendi kuziuza hapa. Wateja ni wachache, wanaogopa kwamba imechemshwa miaka yote, na kila kizazi kipya cha kadi za picha kikitoka bei yake inakatwa. Aliye nayo auze kabla ya kizazi kipya kutangazwa, na ajaribu Dar kwanza.

Limebaki la betri, maana ndiyo ngazi pekee ambayo mwenye mashine anaitengeneza mwenyewe. Fungua Command Prompt, andika:

```
powercfg /batteryreport
```

Itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti. Ifungue utafute DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 mWh na ya pili ni 39,000, betri imebaki na asilimia 78 ya uwezo wake. Kwa uzoefu wa meza yangu, ikiwa juu ya 75 mnunuzi haisemi. Ikishuka chini ya 60 anaanza kuchomoa chaji mbele yako, anahesabu dakika, na anakata bei kuliko hata gharama ya betri mpya, kwa sababu anaona kama mashine nzima imechoka. Kubadilisha betri wiki ya kuuza nako hakusaidii sana. Feki ni nyingi, zinaonyesha asilimia 100 leo na kuzima baada ya miezi michache, na wateja wameshaumwa. Yule kijana wa G5 alibadilisha yake mapema akaitumia, na ripoti ya betri ikaonyesha historia ya miezi mingi. Mzazi aliyeinunua alitoka Magu, aliisoma mstari kwa mstari pale dukani, akatoa hela bila kuomba apunguziwe.

Yangu mwenyewe ni ThinkPad T480, jenerasheni ya nane, betri ya nje asilimia 77 na ya ndani 81. Naona laptopu za jenerasheni ya kumi na moja zinavyozidi kushuka kutoka Dar, na kadiri zinavyozoeleka ndivyo za nane zitakavyosukumwa chini. Msimu wa vyuo ujao sitaupitisha nikiwa nayo.