Saa Kumi Usiku, kwa Heshima na Taadhima

Mweka Hazina wa kamati yetu ya harusi, huko Tabata, huandika ujumbe kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Jumatatu jioni alimtumia Katibu rasimu hii, ili ainyooshe kabla ya kuirusha kwenye kundi la wasapu:

"Jamani mchango singo 80,000 dabo 150,000 hiyo dabo ni watu 2 jumla. Mwisho alhamisi tar 12 mwezi wa 6 saa 4 usiku. Tuma na ya kutolea. Ijumaa asubuhi naenda kulipa ukumbi"

Hakuna herufi kubwa panapostahili, wala salamu. Katibu wetu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na akiona sentensi isiyo na salamu hupandwa na presha. Alikaa nayo kibarazani, akaipiga pasi, ikatoka hivi:

"Ndugu wapendwa, kwa heshima na taadhima tunawakumbusha kuwa mchango ni Sh. 80,000 kwa singo na Sh. 150,000 kwa dabo kwa kila mtu. Aidha, mnaombwa kuwasilisha michango yenu ikiwa kamili kabla ya Alhamisi, 12/6, saa 10:00 usiku. Ahsanteni kwa ushirikiano wenu."

Watu wakamwagia makofi na maua. Mimi, ambaye kazi yangu ofisini ni kupitia barua za madai kabla hazijamfikia mdaiwa, niliusoma nikiwa kwenye mwendokasi, nimebanwa mlangoni, mkono wa kujibu haupatikani. Nilipofika nyumbani kundi lilikuwa limeshahamia kwenye mjadala wa rangi ya vitenge. Kilichofuata kilijiendesha chenyewe.

Tuanze na hiyo saa kumi. Mweka Hazina alikuwa ameweka kikumbusho kwenye simu yake, na picha ya skrini akamtumia Katibu pamoja na rasimu. Kwenye picha ilisomeka 10:00 PM. Mwalimu akaona rasimu inasema 4, simu inasema 10, akaamini mashine. Halafu, kwa kuwa yeye hawezi kuacha "PM" katika Kiswahili fasaha, akaibadilisha kuwa "usiku". Yaani tarakimu aliichukua kwenye saa ya simu, neno la wakati akalichukua kwenye saa yetu. Matokeo yake ni saa kumi usiku, ambayo kwa Mswahili yeyote ni muda jogoo anapojiandaa. Mweka Hazina alitaka 22:00. Ujumbe ukasema 04:00.

Kosa hili ndilo linalonipa kazi kubwa kuliko yote, na kulikamata ni rahisi ukijua hesabu yake. Tofauti ya saa yetu na ya simu ni sita siku zote. Saa 4 usiku ni 10 ya simu kabla ya saa sita usiku, basi 22:00. Saa 10 usiku, toa sita, ni 04:00. Kwa hiyo kila saa iliyoandikwa, igeuze kwenda upande wa pili kisha uirudishe. Isiporudi pale ilipotoka, kuna mtu kaibadilisha nusu njia. Na ukiona saa kama 10:00, 9:00 au 8:00 imefungwa pamoja na neno "usiku" kwenye habari ya malipo, simama papo hapo. Watu wachache sana huweka mwisho wa kulipa saa tisa usiku kwa kukusudia.

Ila Shangazi wa Mbagala hakuona ajabu. Alisema kamati za siku hizi zina masharti. Jumatano alilala mapema, akatega kengele, akaamka saa tisa za usiku wa kuamkia Alhamisi, akatuma 80,000 zake. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa uhakika, akampigia Mweka Hazina simu kuuliza kama zimefika.

Hapa Dar simu ya shangazi saa tisa na nusu usiku ina maana moja tu. Mweka Hazina aliiona ikiita akaanza kulia kabla hajapokea. Mumewe akaamka naye akalia. Walipopokea, sauti ya upande wa pili ikasema kwa utulivu, "Mwanangu, nimewahi?"

"Shikamoo shangazi. Nani amekufa?"

"Marahaba. Hajafa mtu. Nimetuma ya singo."

Kulipokucha likazuka la pili. Ujumbe wa muamala kwenye simu ya Shangazi ulionyesha 3:31 AM. Alipotaniwa kundini kwamba alichelewa kulala kwa ajili ya kamati, akaweka picha ya muamala kuthibitisha kwamba alituma saa tatu na nusu, watu wazima wakiwa bado wanaangalia taarifa ya habari. Hili si la kucheka tu. Risiti za simu hufuata saa ya simu, na ujumbe wa kamati hufuata saa ya kinywani. Siku mtu akibishana kama aliwahi au alichelewa, mnasoma ushahidi mmoja kwa saa mbili. Ndiyo maana mwisho wa kulipa huandikwa kwa namna zote mbili, mdomo na simu, kwenye mstari huohuo.

Sasa saa kumi usiku ya Alhamisi ni ipi? Shangazi alihesabu ile ya kuamkia Alhamisi. Vijana wa Temeke walihesabu ile ya kuamkia Ijumaa, wakastarehe. Wote walikuwa na hoja. Usiku una miguu miwili, mmoja siku hii, mwingine siku ile, na hakuna neno la adabu litakaloiunganisha. Pabaya zaidi ni saa sita usiku yenyewe. Ukiandika "Alhamisi saa 6 usiku" umegawa siku nzima kwa wasomaji wako. Mimi huirudisha nyuma dakika moja, nikaandika saa 5:59 usiku, 23:59. Inaonekana ya kijinga, lakini hakuna anayebishana nayo.

Kulikuwa pia na "kabla ya". Mweka Hazina aliandika "mwisho", Mwalimu akaona neno hilo kavu. Kumbe "kabla ya Alhamisi" kwa watu makini ni Jumatano. Baba mmoja wa Kimara alikopa Jumatano kwa riba ili asichelewe, na Alhamisi mshahara wake ukaingia. Hadi leo akikutana na Mwalimu humsalimia kwa jina la "Ndugu Riba".

Na tarehe. Binamu aliyeko Minnesota alisoma 12/6 kama Wamarekani wanavyosoma, mwezi kwanza, akapata Desemba 6. Harusi ilikuwa Jumamosi ya Juni 21. Akaandika kundini kwamba anaipongeza kamati kwa huruma yake, kupokea michango miezi mitano baada ya watu kula. Angeangalia siku angeshtuka, maana Desemba 6 ya mwaka huo wa 2025 ni Jumamosi, si Alhamisi. Siku ya wiki ndiyo shahidi wa tarehe. Ziandike pamoja, na kabla ya kutuma fungua kalenda uone kama zinakubaliana. Mwezi uandike kwa jina, mkwaju uachie wahasibu.

"Ikiwa kamili" nayo ilizaa vyama viwili. Wapo walioelewa kwamba usilete nusunusu. Wapo walioelewa kwamba uongeze ya kutolea. Wengi walikuwa chama cha kwanza, na Mweka Hazina alipokwenda kwa wakala kutoa fedha za ukumbi, makato yakala sehemu ya sahani za watu. Rasimu yake ilisema "tuma na ya kutolea", maneno manne ambayo hata mtoto wa Tandale anayaelewa. Usanifu uliyafuta.

Alhamisi asubuhi nikaitwa kwa Mwalimu. Nilimwomba daftari, nikachora mstari katikati. Kushoto nikaandika kila kitu cha kuhesabika kilichomo kwenye rasimu, hata kama ni neno: 80,000; 150,000; watu 2 jumla; mwisho; Alhamisi; 12 mwezi wa 6; saa 4 usiku; ya kutolea. Kulia nikaandika kilichobaki cha kila kimoja baada ya kunyooshwa. Kati ya vitu vinane, vitatu tu vilivuka salama: zile fedha mbili na neno Alhamisi. Hii ndiyo kazi yote. Orodha hiyo huchorwa kabla ya kugusa lugha, si baada, kwa sababu ukishaipenda sentensi yako hutaona ilichomeza. Salamu, herufi kubwa, "aidha", hayo nyoosha utakavyo. Kilicho upande wa kushoto hakiguswi bila kumuuliza aliyekiandika.

"Lakini huu wako unasomeka kama hati ya mashtaka," Mwalimu akalalamika, akitazama nilichoandika:

"Ujumbe huu unafuta ule wa Jumatatu. Mchango: mtu mmoja (singo) Sh. 80,000. Dabo Sh. 150,000, ni jumla ya watu wawili. Mwisho wa kutuma: LEO Alhamisi, 12 Juni 2025, saa 4:00 usiku (22:00 kwenye simu), saa za Dar es Salaam. Walioko Minnesota ni 14:00 ya leo. Ongeza na ya kutolea."

Nilimkubalia aongeze "Ndugu wapendwa" juu na "Ahsanteni" chini. Ule wa mwanzo tukaufuta kundini, ingawa tayari ulikuwa umesambazwa kwenye makundi ya koo zote mbili, na huko hatuna mamlaka. Ndiyo maana mstari wa kwanza unautaja kwa siku yake.

Zikaingia hela, ukumbi wa Sinza ukalipwa Ijumaa. Kikabaki kitu kimoja, "dabo kwa kila mtu". Mjomba wa Kigamboni alikuwa ameshatuma tangu Jumanne, kwa ajili yake na mkewe, 150,000 mara mbili. Kamati ilikaa kujadili kumrudishia 150,000 yake. Kikao kilikuwa kifupi. Kamati za harusi zina mlango wa kuingilia fedha tu.

Siku ya harusi Mjomba akafika na mkewe, na jirani yake, na mke wa jirani, wote wamevaa sare ya kitenge. Mwalimu alikuwa mlangoni na orodha. Akamwambia, kwa heshima na taadhima, kwamba jina lake lina viti viwili. Mjomba akatoa simu, akafungua ujumbe wangu wa Alhamisi, akausoma kwa sauti mpaka kwenye "jumla ya watu wawili".

"Mwalimu, nimetuma laki tatu. Gawanya."

Mwalimu akaangalia orodha, akaniangalia mimi, akaita mhudumu alete viti viwili zaidi.