Foleni tupu nayo isimamishe kazi

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayefanya naye kazi hapa Dodoma aliniomba tuondoe kikomo cha chini kwenye breka ya kazi yetu ya usiku, yaani ukaguzi unaoisimamisha programu ya kutuma ujumbe pale idadi ya watu kwenye foleni isipokuwa ya kawaida, kwa sababu kila Jumapili kinasimamisha mfumo na kumwamsha bure. Hoja yake ilikuwa kwamba foleni ikiongezeka ghafla kuna hatari, lakini foleni ikiwa tupu hakuna anayeumia. Nilikataa, na nimebaki na uchungu, kwa kuwa nimemwona kwa macho yangu aliyeumizwa na foleni tupu.

Kazi yenyewe ni ya chama cha akiba na mikopo ninachokihudumia tangu zamani. Saa nane usiku, bila mtu yeyote kusimamia, programu ilisoma orodha ya wanachama ambao marejesho yao yamekaribia na kuwatumia ujumbe wa kuwakumbusha. Usiku wa kawaida walikuwa kama 200. Siku moja tulirejesha hifadhidata kutoka kwenye nakala ya akiba iliyokosa safu ya tarehe za kutumwa, na ujumbe wote wa zamani ukaonekana haujatumwa. Watu zaidi ya 9,000 waliamshwa usiku kuambiwa wanadaiwa mikopo ambayo wengi walishaimaliza. Baada ya aibu hiyo tuliweka breka: kabla ya kutuma, hesabu walio kwenye foleni, na wakizidi mara tatu ya kawaida, simama. Tukaridhika.

Miezi kadhaa baadaye mfumo wa matawi ulibadilishwa, na tarehe zikaanza kuandikwa kwa kutanguliza siku badala ya mwaka. Programu yetu ililinganisha tarehe kama maandishi tu, hivyo haikumpata mwanachama hata mmoja. Foleni ilikuwa 0, kazi ikaisha kwa sekunde mbili, na kumbukumbu ikaandika kwamba imefanikiwa. Iliandika hivyo usiku sita mfululizo. Aliyetugundulia kosa ni mama mmoja mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, aliyefika dirishani akiwa ameishika simu yake mkononi, akaniuliza, “Mwanangu, mbona safari hii hamkuniambia?” Alikuwa ameshatozwa faini ya kuchelewa. Ongezeko lilipigiwa kelele na watu 9,000 kabla hakujapambazuka. Upungufu ulinyamaza kwa siku sita, na ungeendelea kunyamaza kama mama yule asingepanda gari kuja mjini.

Ndiyo maana breka iwe na vikomo viwili, na iandikwe kwa namna ya kuruhusu, si ya kuzuia. Kama kawaida ni 214, theluthi yake ni 71 na mara tatu yake ni 642:

```
if [ "$idadi" -ge 71 ] && [ "$idadi" -le 642 ]; then
  ./tuma.sh
else
  echo "Nimesimama: idadi=$idadi" >&2
  exit 1
fi
```

Toleo letu la kwanza liliuliza kinyume chake: je, idadi imezidi? Hifadhidata isipojibu, `$idadi` hubaki bila kitu, ulinganisho hushindwa, sharti huhesabiwa kuwa halikutimia, na programu hupita kana kwamba hali ni shwari. Ukiandika kama hapo juu, jibu lisilo namba huangukia upande wa kusimama.

Kuhusu Jumapili, nakiri kwamba kijana ana haki ya kulalamika, ila dawa yake si kung'oa kikomo. Jumapili ilinganishwe na Jumapili tisa zilizopita, na mwisho wa mwezi na miisho ya miezi iliyopita. Zipange namba hizo kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati, kwa sababu wastani huvutwa na usiku mmoja wa ajabu. Usiku ambao breka ilisimamisha kazi usiingizwe kwenye historia hiyo mpaka mtu athibitishe kuwa idadi ilikuwa halali. Kama kuna siku ambayo 0 ni kawaida kweli, kikomo cha chini hakitasaidia. Hapo kagua faili la data linaloletwa na matawi limeandikwa lini na lina mistari mingapi.

Breka haioni kila kitu: wakiwa 214 lakini wote si wahusika, itawapitisha.

Anayeiruhusu kazi baada ya kusimama anapaswa kuandika kwa mkono idadi anayoikubali, na ruhusa hiyo iishe usiku huohuo. Jumapili iliyopita, ikilinganishwa na Jumapili wenzake, breka haikumwamsha mtu. Jumanne ilisimama kwenye 0. Faili la matawi lilikuwa na mstari wa vichwa vya safu peke yake. Tuliliomba upya asubuhi, na kufikia saa nne wanachama wote walikuwa wamepata ujumbe wao.