Rasi ni ya nahodha

"Neno rasi tunalo tangu zama za majahazi. Mbona vitabu vya jiografia vinawaandikia watoto wa Malindi 'peninsula'?" Hilo ni swali la mwalimu mmoja wa hapa mjini.

Mwalimu ana hoja, ila kabla ya kuipima tumsikilize mwenye neno. Chombo kikitoka Malindi kwenda Lamu hupita mdomo wa Mto Sabaki, kisha hukabili Rasi Ngomeni. Nahodha anapotaja rasi pale hasemi habari ya Ngomeni nzima na vijiji vyake. Anasema ile ncha ya kujihadhari nayo, ambayo akishaipita, Ghuba ya Ungwana humfungukia kushotoni. Akikaribia Lamu ataiona Rasi Kitau, ncha ya Kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela. Nyuma ya rasi pawe na kisiwa, ulimi wa mchanga au bara zima, yeye hajali. Rasi kwake ni kichwa, maana ile ile iliyokuja nayo kutoka Kiarabu.

Peninsula ni habari ya kiwiliwili. Ni ardhi iliyozungukwa na maji karibu pande zote, ikabaki imeshikana na bara upande mmoja. Waarabu wenyewe, waliotupa rasi, hawakuitumia kwa jambo hili. Wao husema shibhu jazira, yaani kitu kinachofanana na kisiwa, na Kilatini kilichozaa neno peninsula kilisema hivyo hivyo: karibu kisiwa. Sisi tumechukua neno la kichwa tukalivisha mwili mzima. Matokeo yake ni sentensi kama hii: Rasi ya Hadd, kule Omani, iko mwisho wa mashariki wa Rasi ya Arabuni. Sentensi ni sahihi kwa kamusi nyingi, lakini baharia wa zamani angeuliza hiyo rasi ya pili inapitwa vipi na jahazi.

Wanaotetea rasi kwa yote mawili watajibu kwamba muktadha unatosha. Ni kweli, kwa kiasi kikubwa. Anayesoma Rasi ya Tumaini Jema hadhani ni nchi, na anayesoma Rasi ya Arabuni hadhani ni mwamba wa kukwepa. Tena mtoto wa darasa la tano hulitamka rasi bila shida, wakati peninsula humkwama mdomoni. Hilo silipuuzi.

Lakini ufunguo wa ramani hauna muktadha. Una alama, na mbele ya alama neno moja, basi. Chukua ramani ya pwani kutoka Malindi hadi Lamu, umpe mwanafunzi kazi ya kuonyesha rasi. Mmoja atatia nukta kwenye ncha ya Ngomeni, mwenzake atapaka rangi ulimi wote wa ardhi hadi unapoungana na bara. Wote wawili wamefuata kitabu, na msahihishaji atampa tiki yule aliyefikiri kama yeye. Kwa hiyo peninsula, kwangu, haikuja kulifukuza rasi. Imeliacha lifanye kazi yake ya zamani.

Mbona latitudo haimkeri mtu? Kwa sababu haikukuta neno la kunyang'anya kiti. Lamu iko karibu digrii 2 na dakika 16 kusini mwa ikweta, Malindi digrii 3 na dakika 13. Tofauti ni dakika 57, na kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini, kwa hiyo kutoka kusini kwenda kaskazini umepanda maili 57 za baharini, kama kilomita 106. Hesabu inakwenda kwa Kiswahili safi, neno la kuazima likiwa katikati yake.

Mwalimu asidhani natetea kila cha kuazima. Tawimto, kwa mfano, nalipenda, na huko bara linafaa sana: Tsavo inaingia Athi, mto unaitwa Galana, na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Tsavo ni tawimto. Shida huanza kwenye delta ya Tana, ambako mto unagawanyika badala ya kupokea, na mikono yake nayo inaonekana kama matawi. Mwanafunzi aliyezoea neno hilo ataiita tawimto. Wa kumtoa hapo ni umbo la makutano: mito miwili inapoungana, ncha ya pembe yao huelekea yanakokwenda maji, mto unapogawanyika, ncha huelekea yanakotoka. Mimi kwenye ufunguo wa delta ningeandika mkono wa mto, kama watu wa pwani wasemavyo mkono wa bahari, na tawimto ningeliacha huko juu, Tsavo.