Ukipandisha bei, sema umepandisha

Barua nyingi za kuwaarifu wateja huanza na shukrani ndefu, zikapitia "hali ya uchumi", halafu zikaishia kwenye "marekebisho ya bei". Mteja wako wa siku zote anasoma huku akitafuta mambo mawili tu: atalipa ngapi, na kuanzia lini. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika barua ya namna hiyo, na kila aliyenipigia simu aliuliza hayo hayo mawili.

Siku hizi naanza na jambo lenyewe: "Kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao, bei itapanda kutoka 100 hadi 107." Naandika itapanda, kwa sababu ndicho kinachotokea. Marekebisho hata kushuka yanaweza kuwa, na msomaji anajua kwa nini umelikwepa neno.

Kisha inakuja hesabu, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Tuseme unauza kwa 100, na 70 kati ya hizo unanunulia mali. Zinazobaki 30 ndizo zinazolipa pango, mishahara, na faida yako. Mali ikipanda kwa asilimia 10, sasa unainunua kwa 77, na unabaki na 23. Karibu robo ya kilichokuwa kinabaki imeondoka, ilhali pango na mishahara iko palepale. Kwa hiyo ni kweli huwezi kunyamaza.

Lakini ukiandika "mali imepanda kwa asilimia 10, nasi tunapandisha kwa asilimia 10", unamdhulumu mteja. Kilichoongezeka kwako ni 7. Ukimtoza 110, hizo 3 za juu ni zako, nawe umemsingizia aliyekuuzia mali. Kama unazihitaji, pengine mishahara nayo imepanda, ziandike na sababu yake. Na kupunguza ujazo kimyakimya huku bei ikibaki ileile naona ni kubaya zaidi, maana mteja atakuja kuligundua mwenyewe.

Shukrani naziweka baada ya hesabu, na lazima ziwe na kitu ndani yake. Oda zilizokwisha kupokelewa zinabaki kwenye bei ya zamani. Wateja wa kudumu wanaongezewa mwezi mmoja wa bei hiyo, kwa kiasi kile wanachochukua kila mwezi. Bila kikomo hicho, mmoja atabeba mzigo wa miezi sita na wengine wakose. Kila kipande nitakachouza hivyo kinanigharimu 7, kwa hiyo napiga jumla kabla sijaahidi.

Siandiki kwamba bei haitapanda tena, kwa kuwa hilo haliko mikononi mwangu. Mwishoni naweka namba yangu ya simu, na akipiga mtu kusema bei mpya imemshinda, napokea mimi, tutazame pamoja kama anaweza kuchukua kidogo kuliko zamani.