Runinga imezimwa, bando linaliwa

Mama mdogo wangu anaishi Mwanga, hapa Kigoma mjini. Runinga yake ya Android anaiunganisha na intaneti kwa hotspoti ya simu. Siku moja alinipigia: "Mwanangu, nimejiunga GB 10 za wiki, siku ya tatu zimeisha. Na mpira wenyewe nimeangalia mara moja tu."

Nilipofika nilikuta flashi bado imechomekwa nyuma ya runinga. Fundi alikuwa amemwekea apu ya kuonyesha mechi zote bure, apu ambayo haipo kwenye Play Store. Sikutaka kumlaumu fundi kabla sijapima. Saa nne usiku tulizima runinga kwa rimoti, tukaiacha hotspoti ikiwaka, tukazima data kwenye simu nyingine zote, nikaandika salio la bando. Asubuhi saa kumi na mbili zilikuwa zimeondoka GB 2.6, na kioo kilikuwa cheusi usiku kucha.

Wengi hatujui kwamba rimoti haizimi runinga kabisa. Inailaza tu, na kwenye runinga nyingi Wi-Fi hubaki hai. Apu chafu hutumia usingizi huo. Kuna zinazouza njia yako ya intaneti: mtu usiyemjua, popote duniani, anapitisha shughuli zake kwenye runinga yako, na akifanya uhalifu, anwani inayoonekana mtandaoni ni yako. Juni 2025 FBI ya Marekani ilionya wazi kuhusu mtandao wa aina hii uitwao BADBOX 2.0. Vifaa vingine vilitoka kiwandani vikiwa vimeambukizwa, vingine viliambukizwa kwa apu zilizopakuliwa nje ya duka rasmi.

Nikaiondoa ile apu ya mpira, tukapima tena usiku uliofuata. Zikaondoka karibu MB 900. Nafuu, lakini bado kuna mlaji. Nikaingia Settings, Apps, kisha See all apps, nikapitia jina moja moja. Nikaikuta nyingine isiyo na ikoni popote, imejipa jina linalofanana na la mfumo. Huenda ile ya kwanza ndiyo iliyoileta. Hapo sikuendelea kufukuzana nazo, nikairudisha runinga ilivyotoka dukani kwa factory reset. Usiku wa tatu ziliondoka MB 30. Kama zingeendelea kwenda GB, ningejua ugonjwa uko kwenye mfumo wenyewe, na huo hautoki kwa kufuta. Dawa yake ni kuinyima runinga intaneti.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaosema usiweke kabisa apu ya nje. Zipo runinga za bei nafuu zenye Android isiyo na Play Store, na mwenye nayo ana haki ya kuitumia. Mimi mwenyewe nilimwekea mama mdogo VLC, ili aangalie video za harusi zilizo kwenye flashi. Faili niliichukua videolan.org, kwa wenyewe wanaoitengeneza, si kwenye kundi la WhatsApp. Ya kwanza, iliyoandikwa arm64-v8a, ilikataa na kuandika App not installed. Runinga nyingi zina mfumo wa biti 32 hata kama prosesa ni ya biti 64, kwa hiyo nikachukua armeabi-v7a, ikakubali. Ikikataa namna hii, usikimbilie tovuti nyingine kutafuta "inayokubali", maana hapo ndipo watu wanapookota balaa.

Kabla ya kuweka, runinga hukuuliza kama unaruhusu apu ya kufungulia mafaili iweke programu. Ruhusa hiyo iko kwenye Security & Restrictions, chini ya Unknown sources. Niliiwasha, nikaweka VLC, nikaizima palepale. Fundi aliyenitangulia aliiacha wazi, tena kwenye kivinjari, na hilo kwangu ni kosa la kazi hata kama faili lake lingekuwa safi. Ukimwachia mtu runinga yake, funga ulichofungua na umwambie umeweka nini.

Ukishaweka, angalia apu inaomba nini. Kicheza video kuomba kusoma mafaili ni sawa, ndiyo kazi yake. Kikiomba Accessibility, au kuweka VPN, au kuweka apu nyingine, kiondoe kabla hujakifungua mara ya pili. Accessibility inakipa uwezo wa kusoma kilicho kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba yako.

Mama mdogo bado anautaka mpira wake. Siku za mechi kubwa anakwenda kwa jirani mwenye king'amuzi, na usiku, kabla ya kulala, anaizima runinga ukutani.